Ombi la Kurejeshewa Nambari Yangu ya Simu Iliyozimwa Bila Maelezo

Samson Wekesa,
Fundi wa Friji,
Langa Langa, Nakuru.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Kwa Msimamizi,
Dawati la Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Nairobi.

Kupitia duka lenu la Nakuru.

Bwana/Bibi,

KUH: KUREJESHWA KWA NAMBARI INAYOISHIA 417, ILIYOZIMWA TAREHE 10 JUNI 2025

Laini yangu ilizimika Jumanne tarehe 10 Juni, yapata saa tano na dakika arobaini asubuhi, nikiwa Kaptembwa nyuma ya friji ya duka la maziwa. Nilikuwa nimetoka kumpigia muuzaji wa vipuri kumuuliza bei ya thamostati. Nilipompigia tena, simu haikuita, na kwenye kioo palikuwa na maneno kwamba naweza kupiga simu za dharura tu. Nilitoa kadi, nikaifuta, nikairudisha, ikabaki vilevile. Niliitia kwenye simu ya mwenye duka, ikakataa huko pia. Kadi yake, ambayo ni ya mtandao wenu, ilishika vizuri ndani ya simu yangu. Kwa hivyo simu haina kasoro na mtandao wa pale ulikuwepo. Leo ni siku ya kumi na moja. Sikutumiwa ujumbe wa onyo kabla ya kuzimwa, na hadi sasa sijapata hata mmoja wa kunieleza.

Nambari kamili na ile ya kitambulisho nimeziandika kwenye fomu iliyo ndani ya bahasha iliyofungwa. Sikutaka kuziweka hapa kwa sababu barua hii itapita mikono mingi kabla ya kuwafikia.

Tangu siku hiyo nimepewa majibu matatu yasiyopatana. Jumatano tarehe 11 kijana wa kaunta alitazama kompyuta akaniambia, “Mzee, hii laini imezimwa kwa sababu haikuwa inatumika.” Asubuhi ileile ya kuzimwa, saa tatu na dakika kumi na mbili, nilikuwa nimepokea shilingi 2,500 kutoka kwa mteja, na Jumapili ya kabla yake niliweka salio la shilingi 100. Rekodi hizo mnazo ninyi. Siku iliyofuata nilipiga kwa simu ya mke wangu, nikaambiwa kuna tatizo la usajili, lakini aliyenihudumia hakuweza kusema ni tatizo gani. Jumatatu tarehe 16 nilirudi dukani. Dada niliyemkuta alikuwa mpole na alijaribu sana kunisaidia, ila alisema haoni sababu yoyote iliyoandikwa. Akanishauri ninunue laini mpya kisha niwajulishe watu wangu.

Kuhusu usajili, nilinunua laini hiyo mwaka 2008, kabla ya sheria kudai usajili. Agizo lilipotoka mwaka 2010 nilikwenda nikaandikishwa. Mwaka 2022, Mamlaka ya Mawasiliano iliposogeza tarehe ya mwisho kutoka 15 Aprili hadi 15 Oktoba, nilipanga foleni tena, nikapigwa picha na kuacha nakala ya kitambulisho. Nilipomaliza nilibonyeza *106# na nambari ikaonekana chini ya jina langu. Ikiwa kuna kilichopungua baadaye, mlikuwa na uwezo wa kuniandikia ujumbe mfupi, nami ningekuja siku hiyohiyo.

Ushauri wa kununua laini mpya naomba niujibu kwa kirefu, maana ndio ulioniuma. Mimi natengeneza friji. Kila ninayoimaliza naibandika stika ubavuni, karibu na kompresa, yenye jina langu na nambari hiyo. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na saba, Kaptembwa, Rhonda, Free Area, Section 58, hadi Njoro na Molo. Wengi wa wateja hao sina nambari zao. Ni wao walio na yangu, na wanaitafuta siku friji inapoacha kugandisha. Mwenye duka la maziwa akiona joto limepanda saa kumi jioni, hana muda wa kuuliza mtaani fundi amehamia nambari gani. Anapiga iliyo kwenye stika, na akiikosa, kufikia asubuhi lita zake zote zimeganda mtindi.

Tarehe 7 Juni mama mmoja wa Free Area alinitumia shilingi 6,000, malipo ya awali ya kompresa. Tulikubaliana nimpelekee Jumatano. Laini ikafa Jumanne, na fedha zake ziko humo. Alinipigia siku nzima akawa anaambiwa mteja hapatikani. Nilipofika kwake Alhamisi kumweleza, nilimkuta amekwisha kuwaambia majirani kwamba fundi ametoroka. Alinitazama machoni akaniuliza, “Fundi, kama ulikuwa na shida si ungesema?” Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha kwamba laini ilizimwa na kampuni. Nilikopa nikamrudishia fedha zake siku iliyofuata. Kazi ile amempa mtu mwingine, na simlaumu.

Kwenye akaunti ya pesa iliyo katika nambari hiyo mna shilingi 38,460. Hizo ndizo za vipuri na karo ya binti yangu. Sina njia ya kuzifikia. Nambari za siri za kuingilia eCitizen hutumwa kwenye laini hiyo pia, kwa hivyo hata huko nimefungiwa nje.

Kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya hayo. Sijui kama laini ilizimwa na ninyi au kuna mtu aliyejifanya mimi akapewa kadi nyingine ya nambari yangu. Naomba mniambie waziwazi kama kuna kadi yoyote iliyotolewa kwa nambari hiyo tangu tarehe 1 Juni, ilitolewa lini na kwenye duka au kwa wakala yupi. Wakati mnachunguza, zuieni fedha zisitoke na msimpe mtu mwingine nambari hiyo. Yule mtu mwingine atapigiwa na wateja wangu wote, na baadhi yao watamtumia fedha wakidhani ni mimi.

Nikishathibitishwa, naomba nambari irejeshwe kwenye kadi niliyo nayo au mpya, pamoja na salio lake lote, na sababu ya kuzimwa niandikiwe kwa barua yenye muhuri, ambayo nitaweza kuwaonyesha wateja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu huduma anayolipia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaniruhusu kuona data yangu mnayoihifadhi. Nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa tarehe 27 Juni, nitaipeleka nakala ya barua hii kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ningependa sana tuyamalize hapa kwenu.

Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho, abstrakti ya polisi niliyochukua tarehe 12, na taarifa ya akaunti ya miezi sita ambayo kwa bahati niliichapisha tarehe 2 Juni nilipokuwa natafuta mkopo. Nimeweka pia picha ya ile plastiki kubwa ambayo kadi ya kwanza ilibanduliwa mwaka 2008. Imekwaruzika kwa kukaa ndani ya sanduku la vifaa, lakini nambari zake zinasomeka.

Jumatatu tarehe 23 saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa duka lenu la Nakuru nikiwa na kitambulisho halisi, plastiki hiyo na kadi iliyozimwa. Kabla ya hapo napatikana kwa simu ya mke wangu, ambayo iko kwenye fomu, saa yoyote hata usiku.

Wenu mwaminifu,

Samson Wekesa