Zamu ya Maji

Mbio zilipopanda barabara ya juu, ile ya kulipia inayotoka Mlolongo hadi Westlands, Paskali alicheka peke yake. Siku nyingine zote mtu wa miguu hakanyagi huku, wala bodaboda, wala mkokoteni. Yeye huijua kwa chini, akiwa na neti za vitunguu mgongoni na madereva wakimpigia honi. Leo magari yamefungiwa, na namba iliyobanwa kifuani kwa pini ndiyo risiti yake.

Tajiri wake wa Marikiti ndiye aliyemlipia kiingilio. "Mtanzania, wewe unabeba lumbesa kama unabeba mtoto. Enda ukimbie, tuone."

Basi anakimbia. Wenyewe walishapotea mbele zamani, vijana wa Iten na Kapsabet ambao miguu yao haitoi hata sauti. Paskali hana neno nao. Kwao, wilaya ya Karatu, mzee yeyote atakusimulia habari za Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka Meksiko mwaka 1968 akaingia uwanjani wa mwisho, goti limefungwa bendeji, mshindi ameshapewa medali yake. Ukimuuliza mzee huyo nani alishinda siku ile, hakumbuki.

Jua lilimpiga usoni. Kulia kwake mbuga ilikuwa ya kijivu, na upepo uliotoka huko ulimrudisha Mang'ola, kwenye upepo wa Ziwa Eyasi unaojaza vumbi mpaka kwenye ugali. Leo ilikuwa zamu ya shamba lao. Maji ya chemchemi hugawanywa kwa saa, na saa yao ilikuwa ya nane usiku. Vitunguu vimeanza kuvimba. Vikikosa maji sasa, utavuna vya kuweka kachumbari tu. Alfajiri alimpigia mdogo wake, Safari, kumuuliza kama amefungulia. Hapatikani. Akapiga tena akiwa kwenye foleni ya choo. Hapatikani.

Safari wa watu! Kila akipiga simu ni wimbo mmoja: kaka, nitafutie nafasi Nairobi.

Kwenye meza ya maji Paskali alipunguza mwendo. Wakimbiaji wa mbele yake walidaka chupa, wakapiga funda moja, wakazitupa. Chupa zilibingirika zikimwaga, na maji yakatafuta mteremko wake kwenye lami, yakapita chini ya viatu, yakaingia kwenye tundu la ukingoni. Kule kwao aliwahi kuona majirani wawili, watu wa kanisa moja, wakishikiana majembe kwa sababu mmoja alichelewa kuziba mfereji. Alikunywa yake yote. Chupa tupu akakimbia nayo mkononi, hakuona pa kuiweka.

Kilomita ya 32 msuli wa shavu la mguu wa kushoto ulikaza. "Songa, boss, usisimame!" mama mmoja aliyevaa kofia ya pinki alimpita akimwambia. Akasonga, nusu anatembea.

Kilomita ya 38 simu ikatetemeka mfukoni mwa bukta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Polisi wanakufukuza?"

"Hapana mama, nakimbia tu. Mbio za watu wengi."

"Wanakulipa?"

"Hapana."

Mama akanyamaza kidogo. "Haya. Safari amefika?"

"Afike wapi?"

"Huko kwako. Jana jioni kapanda lori la vitunguu. Kasema anakukuta sokoni."

Paskali alisimama kabisa, katikati ya barabara. "Sasa maji kafungulia nani?"

"Kwani mimi sina mikono? Majaruba matano nimenywesha. Mawili ya juu yamebaki, mgongo ulikataa."

Aliirudisha simu mfukoni. Kuanzia pale hakutembea tena, maumivu yapo lakini hayakuwa na nafasi. Alimpita mama wa kofia ya pinki. Mwisho walimvalisha medali, kijana mwenye kamera akamwita, hakugeuka. Kwenye matatu kondakta aliikagua ile medali na kumdai nauli kama kawaida.

Safari alikuwa amekaa juu ya neti, mgongo kwenye ukuta wa soko, begi kalikumbatia kwa mikono miwili. Alipomwona kaka yake akichechemea na jasho lililokauka kuwa chumvi usoni, aliruka chini.

"Kaka, shikamoo. Wamekuibia gari?"

"Marahaba. Lori linarudi saa ngapi?"

"Jioni. Lakini mimi sirudi."

"Na zamu ijayo?"

"Ulipoondoka wewe," Safari akasema, "uliniuliza?"

Paskali alifungua mdomo. Tajiri akawahi, kitabu mkononi, akimpima kijana mabega kuanzia kushoto hadi kulia. "Huyu ni ndugu yako? Mwambie ashike upande ule. Kuna neti 40 hazijashuka."

Safari alikuwa ameshaweka begi chini.