Maelekezo ya mashine ya chipsi

Mdogo wangu, karibu jikoni. Chipsi kaanga kwa nyuzi 180, kuku 170, na usijaze kikapu maana mafuta yakipoa ghafla chipsi zinayanyonya zinalegea, hapo mteja harudi. Kuku mchome na kipimajoto kwenye nyama nene, sio kwenye mfupa, isome 74 ndo umtoe.

Mafuta chuja kila usiku yakishapoa, badilisha Jumatatu na Alhamisi, ila yakiwa meusi au yakitoa povu na moshi kabla ya siku yake we toa tu usiniulize, weka kwenye dumu usimwage kwenye sinki.

Kabati la kioo la kuwekea chakula lisishuke chini ya nyuzi 60. Humo chipsi zikae dakika 10, kuku nusu saa, zikizidi toa, kurudishia kwenye mafuta sitaki kabisa.

Dada yako, mwenye mgahawa