Maelezo ya ombi la ruzuku ya vifaa: ushirika wa wamama mafundi cherehani

Kwa kamati ya ruzuku,

Sisi ni wamama 18, wote mafundi cherehani. Tulianza 2019 tukiwa 7 kwenye chumba cha kupanga, kila mmoja kaja na cherehani yake ya nyumbani, na leo tuna cherehani 9, yaani 6 za kukanyaga na 3 ndogo za umeme. Ushirika umesajiliwa, akaunti ya benki ina wasaini watatu, na daftari la mapato tunalifunga kila Jumamosi mbele ya wanachama wote. Tunashona zaidi sare: mashati, sketi, kaptula na makoti ya kazini.

Tuseme mapema, hatuombi kila mama apate cherehani yake. Kusema kweli kwenye kikao cha kwanza ndo hicho tulichotaka, kila mtu alikuwa anataja cherehani tu, mpaka mhasibu wetu akasema tuandike kwanza nguo zinakwama wapi. Tukaandika wiki 4. Nguo 412 zilipita mikononi mwetu na kati ya hizo 268 zilishonwa zikaisha halafu zikakaa tu, kwa wastani siku 3, zikisubiri ovaloki ya mtu mwingine, yaani mashine ya kukata na kufunga kingo za nguo. Kushona tunaweza, tunakwamia kwenye kumalizia.

Hali ilivyo sasa ni hivi: mama mmoja anabeba kiroba cha sketi mpaka kwa fundi mwenye ovaloki, anasubiri yule fundi amalize kazi zake kwanza (na hatumlaumu, mashine ni yake), na saa ingine mashati meupe yanarudi yamepigwa uzi wa bluu kwa sababu ndo uliokuwepo kwenye mashine. Ukipiga hesabu, kila mashati 10, faida ya mawili inaishia huko. Tulijaribu kukwepa kwa kupiga zigizaga kwenye cherehani zetu ndogo, lakini zigizaga haikati ukingo kama ovaloki, na muhula uliopita tulilipa kwa hilo: sketi 120 tulizopeleka shule moja, 23 zikarudi baada ya kufuliwa mara chache, pindo zimefumuka. Tulizirudia bure usiku na mchana. Shule haikutuacha, ila oda iliyofuata ilipungua nusu.

Matundu ya vifungo nayo ni hivohivo. Shati lina matundu 7 na tunayashona kwa mkono, fundi wetu mwepesi kuliko wote anamaliza shati moja kwa karibu saa nzima.

Kwa hiyo tunaomba ovaloki 1 ya nyuzi 4, mashine 1 ya matundu, cherehani 2 za kiwandani za mshono wa kunyooka, na pasi 1 ya mvuke. Mashine tunazitaka zenye mota za seva, maana zile mota za zamani zinazunguka muda wote ukishawasha hata kama hushoni, ila seva inazunguka ukikanyaga tu, na bili ya umeme tunailipa wenyewe. Ankara za wauzaji watatu tumeziambatanisha, na tumechagua wa kati, sio wa bei ya chini, kwa sababu yeye peke yake anauza na vipuri.

Upande wetu tunatoa 15% ya gharama yote kutoka kwenye akiba, hela iko benki tayari. Meza ya kukatia tunatengeneza wenyewe, na fundi umeme ashakagua chumba, kinahitaji laini moja mpya ambayo pia ni juu yetu. Wanachama 4 watafundishwa na muuzaji kupanga nyuzi, kubadilisha visu na kupaka oili, wanne ili mmoja akiugua au akihama kazi isisimame. Kwenye kila nguo tutatenga sehemu ya faida kwa ajili ya matengenezo.

Mashine zitakuwa mali ya ushirika. Hakuna wa kuipeleka nyumbani wala kuiweka rehani, na mwanachama akitoka anachukua akiba yake, mashine inabaki. Hii iko kwenye katiba, kifungu tumekipitisha kabla ya kuleta ombi hili. Umeme ukikatika, zile 6 za kukanyaga zinaendelea kushona, kumalizia tu ndo kutasubiri.

Sasa tunatoa kama nguo 103 kwa wiki. Mwezi wa 6 baada ya mashine kufungwa tunalenga 160, nguo za kurudishwa zisizidi 2 katika kila 100, na kusiwe na hata moja inayotoka nje kwenda kumaliziwa. Hatujaandika kwamba tutaongeza mapato mara mbili, hesabu zetu hazifiki huko. Daftari la zile wiki 4 tumelipiga picha kurasa zote na kuambatanisha, na mkitaka kuja bila taarifa tupo kuanzia saa 2 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Mwenyekiti, katibu na mhasibu, kwa niaba ya wanachama 18