Yah: Barua kwa mfadhili kuhusu hela ya awamu ya pili ya mradi wa mitaro Tandale, nimeiandika upya

Shikamoo mama,

Ile barua ya kwa mfadhili nimekaa nayo jana usiku, nikaona kurekebisha mstari huu na ule haitasaidia, nimeiandika upya yote na iko hapo chini nzima. Ukiridhika iondoke leo kabla ya saa nane mchana, maana yule dada wa kwa mfadhili akishaingia kwenye vikao vya jioni hasomi tena imeili mpaka kesho yake.

Kilichonisumbua kwenye ile ya mwanzo ni kwamba mtu anasoma shukrani na historia ya taasisi ukurasa mzima ndo anakutana na neno hela, halafu akigeuza tu anakutana na "tumesikitishwa mno" na "tutalazimika kufika ngazi za juu". Hasira yako ni ya haki mama, na mimi ninayo. Ila yule dada hela haishiki yeye, inashikwa na idara yao ya fedha, na barua yetu akiipata kitu cha kwanza atakachofanya ni kuifowadi huko, sasa tukimtumia maneno ya ugomvi ataona aibu kuifowadi na itakaa kwake. Tumpe tarehe, kiasi, na nini kinaharibika lini, awe na cha kusimamia mbele ya wenzake.

"Mradi utakufa" nimeitoa kabisa. Mradi haufi, kinachokufa ni kazi ya kabla ya masika, na hiyo peke yake inatosha kumshtua mtu yeyote anayeijua Tandale.

Mhasibu aliniambia anafikiria tuchote kidogo kwenye akaunti ya mradi wa vyoo vya shule halafu tutarudisha. Hapana mama, naomba kwa hilo ukatae. Hela ya mfadhili mmoja kulipia kazi ya mwingine, hata iwe wiki moja na hata irudi yote, mkaguzi akiiona ni hoja, na siku hiyo sisi ndo tutakuwa wenye makosa wakati sasa hivi tuko safi. Nimeliandika wazi kwenye barua kwamba hatujafanya hivyo.

La kuamua wewe ni moja, pale nilipoomba wakishindwa kutoa zote watoe kwanza 14,600,000. Unaweza kuona kama tunajishusha bei. Mimi naona mtu wa fedha anayesema "zote hazijakamilika" ukimpa nafasi ya kutoa sehemu anakosa sababu ya kukaa kimya, na 36,000,000 yetu bado tunaidai palepale.

Barua ndo hii:

---

Yah: Malipo ya awamu ya pili, mradi wa mitaro Tandale: tunaomba tarehe ya malipo kufikia Ijumaa 21 Februari 2025

Dar es Salaam, 17 Februari 2025

Dada yetu, habari za kazi,

Tunakuandikia kuhusu hela ya awamu ya pili, shilingi 36,000,000, ambayo mpaka leo asubuhi haijaingia kwenye akaunti. Mkataba unasema inatoka ndani ya siku 14 baada ya ripoti yetu kukubaliwa. Ripoti tuliileta 20 Desemba 2024, ukatuandikia 9 Januari kwamba imekubaliwa, kwa hiyo tarehe ya mwisho ilikuwa 23 Januari. Tulipokupigia mwanzoni mwa mwezi huu ulituambia iko idara ya fedha, tukashukuru na tukasubiri, ila sasa tumefika mahali ambapo kusubiri bila kujua tarehe kunaharibu kazi ambayo hela yenu ya awamu ya kwanza imeshailipia, ndo maana tunaandika.

Upande wetu tumeangalia kila kitu kinachoweza kuwa kimekwamisha. Namba ya akaunti ni ileile iliyopokea awamu ya kwanza, jina la akaunti halijabadilika, watia saini ni walewale, na barua ya benki ya mwezi huu inayothibitisha hayo tumeiambatanisha. Kama kuna karatasi yoyote ambayo fedha wanaihitaji na hatujaileta, tuambieni hata kwa wasap tu, tunaileta ofisini kwenu siku hiyohiyo.

Sasa hali ya huku site. Mtaro unaoshuka mpaka Mto Ng'ombe una mita 1,400 kwenye mpango wetu, na vijana wameshachimbua mita 600. Tope na taka zilizotoka humo zimejazwa kwenye viroba, na viroba vimepangwa pembeni ya mtaro kwenye kale kanjia ka nyuma ya nyumba, kwa sababu tipa la kuvipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi linalipwa na hela ya awamu ya pili. Mwenye tipa ametukopesha tripu chache, zaidi ya hapo amegoma na hatumlaumu, naye anaweka dizeli. Jumatano iliyopita ilinyesha usiku, wala haikuwa mvua ya kutisha, lakini asubuhi tulikuta viroba vilivyochanika na jua vimemwaga tope lote mtaroni tena, sehemu ambayo vijana walishaimaliza na mwenyekiti wa mtaa alishaikagua. Na pale viroba vilipobana njia watu wanapita kwa kuruka, akina mama na ndoo vichwani, watoto wakienda shule. Picha tumeziambatanisha, tunaomba uziangalie kabla hujaipeleka barua hii mbele, zinaeleza kuliko sisi.

Masika inaanza Machi na kuendelea mpaka Mei, hilo hatuna uwezo wa kulisogeza. Viroba vikikaa pale mpaka mvua yenyewe ianze, tope linarudi lote na mita 600 inabidi zichimbwe upya, maana yake mtakuwa mmelipia kazi moja mara mbili. Mbaya zaidi mtaro ulioachwa nusu una hatari kuliko ambao haujaguswa, kwa sababu juu maji yanakuja kwa kasi yakifika pale uchimbaji ulipoishia yanakosa njia yanaingia majumbani, na nyumba za pale tunazijua moja moja. Watu wa mabondeni mjini hapa hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, wapo majirani zao ambao serikali iliwahamishia Mabwepande baada ya pale, kwa hiyo tulipowaambia mwaka huu mtaro utakuwa wazi kabla ya mvua walitushika kwa neno hilo. Kuna pia Ramadhani mwanzoni mwa Machi, vijana wetu wengi watakuwa wamefunga na kazi ya chepe juani haiwezekani kwa saa zile za kawaida, itabidi tufanye alfajiri tu. Wiki hizi mbili zilizobaki za Februari ndo za kazi nzito, zikipita hazirudi.

Kwenye akaunti ya mradi zimebaki shilingi 4,150,000. Mishahara ya Februari ya wafanyakazi watatu pamoja na NSSF na kodi ni 2,850,000, hiyo tutalipa, inabaki 1,300,000 ambayo haifikii mshahara wa Machi wala haitoshi tipa. Wafanyakazi hawa wana mikataba ya mwezi kwa mwezi, na ili mtu aishie 31 Machi kwa sheria ya kazi anatakiwa apewe notisi ya siku 28, yaani tuwe tumempa kufikia 3 Machi. Hatutaki kufika huko hata kidogo, yule msimamizi wa vijana tukimpoteza sasa hivi hatutampata mwingine anayeujua ule mtaro na wenye nyumba zake. Tunakutajia tarehe hii mapema ili isije ikaonekana tumewashtukiza. Na tunapenda mjue kwamba hatujagusa hela ya mradi mwingine wowote kuziba pengo hili, na hatutagusa.

Tunachoomba ni hivi. Kwanza kabisa tarehe, tunaomba kufikia Ijumaa hii 21 Februari mtuandikie hela inatoka lini na kama kuna kilichokwama ni nini, hata kama jibu lenyewe si zuri, kwa sababu tukiwa na tarehe ya maandishi tunaweza kukaa na mwenye tipa na vijana tukaongea nao kitu cha kueleweka. Kama 36,000,000 zote haziwezekani mwezi huu, tunaomba 14,600,000 zitangulie kabla ya 28 Februari na zinazobaki zifuate. Hiyo ni hela ya kazi ya mtaro tu, haina mshahara ndani yake: tripu 30 za tipa kwa 180,000 ambayo ni 5,400,000, posho za vijana 40 kwa siku 15 kila mmoja 10,000 kwa siku ambayo ni 6,000,000, gambuti, glavu, machepe na matoroli 1,700,000, na mifuniko 10 ya zege ya pale watoto wanapovukia, 1,500,000. Bei zote ni zilezile za kwenye bajeti mliyoipitisha, hatujaongeza hata shilingi.

Ikishindikana hata hiyo, basi tunaomba mturuhusu kwa maandishi tutumie ile 1,300,000 kwa tripu 7 za tipa, tuondoe angalau viroba vya upande wa shule. Kwenye bajeti imekaa fungu la ofisi na hatuwezi kuihamisha bila ninyi kukubali.

Tunaomba pia semina ya wajumbe iliyokuwa Machi iende Juni, na mwisho wa mradi usogee kutoka 31 Agosti mpaka 30 Septemba 2025 bila kuongeza hela. Hili halina haraka kama hayo ya juu, lisiwacheleweshe, mnaweza kutujibu baadaye.

Tunajua na ninyi mna taratibu zenu na wakubwa wa kuwajibu. Kama itasaidia, tunaweza kuja ofisini kesho au keshokutwa na mhasibu wetu tukakaa na mtu wa fedha tukamaliza maswali yake hapohapo. Na mkipata nafasi ya kuja Tandale wenyewe karibuni sana, njooni kabla ya saa nne asubuhi mtawakuta vijana wako kazini, kwa sababu mpaka leo wanakuja, wanajitolea kushona viroba vilivyochanika.

Asante dada, tunasubiri jibu lako.

Mkurugenzi,
kwa niaba ya timu ya mradi wa mitaro, Tandale

Viambatisho: imeili yenu ya 9 Januari ya kukubali ripoti, barua ya benki, taarifa ya akaunti mpaka leo, picha za mtaro za kabla na baada ya mvua ya Jumatano, na mchanganuo wa 14,600,000.

---

Mama, picha nimechagua nne tu, ile ya mtoto anayeruka kiroba nimeiacha kwa sababu sura yake inaonekana na hatujaongea na mzazi wake. Mchanganuo uko tayari kwa mhasibu, unasubiri saini yako. Ukisema ndiyo naituma, na saa kumi nampigia yule dada kumuuliza kama imefika.