Karibuni Tuzibue Mtaro: Usafi wa Mtaa, Walukuba, Jumamosi 28 Machi 2026

Majirani zangu wa Walukuba, hamjambo?

Jumamosi ya tarehe 28 Machi 2026 tunafanya usafi wa mtaa, na ninawaomba mje. Tunaanza saa moja asubuhi na kumaliza saa sita mchana. Tutakutana chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya mwenyekiti wa LC1. Hakuna mchango wa pesa, na hakuna atakayekuuliza umekaa hapa miaka mingapi. Kama ni mpangaji uliyehamia juzi, njoo tujuane.

Mitaa ya juu na ya chini yote itafagiwa, nyasi za kando ya njia zitafyekwa, lakini kazi kubwa ya siku hiyo ni mtaro. Mvua za masika zimeshaanza kugonga mabati, na mtaro wetu haupitishi maji. Jumapili iliyopita nilikwenda kuuangalia pale kwenye karavati karibu na kioski cha maji. Kijana mmoja wa steji akaingiza mti kwenye mdomo wa karavati, akasukuma, mti ukagoma. Alipouvuta, ukatoka na kavera zilizosukana na pampasi, chupa za soda, viatu visivyo na wenzake na kipande cha godoro. Huo ni mdomo tu. Ndani bado kumejaa, na maji yakikosa njia hapo yanarudi nyuma na kuingia kwenye nyumba za mstari wa chini.

Sisi tunaokaa juu mvua ikinyesha tunafunga mlango na kulala. Wenzetu wa chini wanaamka usiku kupandisha magodoro na mifuko ya posho juu ya meza, watoto wakiwa wamebebwa mgongoni. Taka zinazowazamisha wao hazikutoka kwao peke yao. Nyingi zimetoka kwetu huku juu, zimeteremka na maji. Ndiyo maana ninawabembeleza hasa ninyi wa mstari wa juu: njooni, hata kama mbele ya mlango wako ni pasafi kabisa.

Nimechagua tarehe hii kwa makusudi. Waislamu watakuwa wamemaliza mfungo na kula Idi, na Pasaka itakuwa bado wiki moja. Kwa ndugu zetu Wasabato, tunajua Jumamosi ni siku yenu ya ibada na hatutawasumbua. Mkipenda kushiriki, Jumapili ya tarehe 29 kuanzia saa tisa alasiri kutakuwa na kazi ya kufunga chupa kwenye magunia na kufagia mabaki ya udongo pale karavatini. Ni kazi ya maana, si ya kuwafariji tu.

Mwenye jembe, sepetu, reki, slasha, fagio au toroli aje nayo. Tafadhali andika jina lako kwenye mpini kwa kalamu ya wino mzito, maana majembe hufanana na ugomvi wa vifaa hauna ladha. Magunia matupu ya mkaa au ya mahindi tunayahitaji sana. Halmashauri imepata glovu za watu 60 na gambuti jozi 12. Hizo gambuti ni za watakaoingia mtaroni, kwa hiyo mwenye zake azivae kutoka nyumbani.

Hapo kwenye kuvaa sina mzaha. Mtaro wetu unashuka mpaka upande wa ziwa, na maji ya kina kifupi kando ya ziwa yana konokono wanaobeba kichocho. Minyoo yake hupenya kwenye ngozi hata isiyo na kidonda, kwa hiyo hakuna kuingia sehemu ile ya mwisho miguu mitupu, hata kwa dakika mbili. Chupa zilizovunjika zishikwe kwa sepetu. Ukiona sindano, usiiguse. Paza sauti, mhudumu wa afya wa kijiji atakuwa karibu na kopo gumu la kuziwekea. Maji ya kunawa na sabuni vitakuwa pale mwembeni.

Watoto wanakaribishwa pamoja na wazazi wao, ila hawataingia mtaroni. Wao tumewapa kazi ninayoiona kuwa muhimu kuliko inavyoonekana: kuzunguka na mtu mzima mmoja na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo, matairi ya zamani na vifuu. Yai la mbu huwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja au mbili hivi. Kopo likimwagwa leo, mbu wa wiki ijayo hawapo, na malaria hupungua mlango mmoja.

Taka tutazitenga palepale, hatutarundika kila kitu pamoja. Maganda ya matoke na mabaki ya mboga yataenda kwa wafugaji wa mbuzi na kwenye mashimo ya mbolea. Chupa za plastiki zitauzwa kwa kilo kwa wanaozinunua, na pesa hizo zitanunua reki za kijiji. Hesabu itabandikwa kwenye ubao wa ofisi kila mtu aisome. Zitakazobaki zitachukuliwa na lori saa tano. Hatutachoma plastiki, maana moshi wake huingia kwenye vifua vya watoto wetu wenyewe. Wengine mtasema kutenga ni kupoteza muda. Kumbukeni Kiteezi, Kampala, tarehe 10 Agosti 2024: lundo la taka lililokusanya kila kitu kwa miaka mingi liliporomoka juu ya nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Kadiri tunavyopeleka kidogo kwenye majalala, ndivyo tunavyowapunguzia hatari wanaoishi kando yake.

Vijana wa bodaboda, tunawahitaji kwa mikono na kwa pikipiki: magunia ya chupa hayatapanda mlima yenyewe. Akina mama wa sokoni wamekubali kupika. Saa tatu kutakuwa na uji na mandazi, na saa sita posho na maharage kwa kila aliyefanya kazi. Wazee wetu ambao migongo haiwaruhusu kuinama, njooni mkae mwembeni. Ninyi mnajua mtaro huu ulipitaje zamani kabla watu hawajajenga juu yake, na kuna sehemu mbili ambazo sisi vijana tunabishana tu.

Mvua ikinyesha asubuhi hiyo, tutasubiri hadi saa tatu. Ikiendelea, tutahamia Jumamosi ya tarehe 11 Aprili, kwa kuwa tarehe 4 ni mkesha wa Pasaka na wengi watakuwa wamesafiri kwenda vijijini. Tangazo la kuahirisha litatumwa kwenye grupu ya Watsapu ya mtaa saa tatu hiyohiyo, na kwa wasio na simu litasomwa kwa kipaza sauti cha kijiji.

Naomba jibu moja dogo. Kabla ya Alhamisi ya tarehe 26 jioni, niandikie kwenye grupu au niambie tukikutana njiani: mnakuja wangapi kutoka nyumbani kwenu, na mnakuja na kifaa gani. Akina mama wanataka kujua wapime posho ya sufuria ngapi, nami nataka kujua kama magunia yatatosha.

Asanteni, na karibuni sana.

Katibu wa Mazingira, Halmashauri ya LC1