Barua ya maombi ya kazi ya mchora ramani msaidizi

Neema L. Mollel,
Mtaa wa Sakina,
Arusha.

9 Julai 2025

Meneja Utumishi,
Ofisi ya Wahandisi Washauri,
Makole,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MCHORA RAMANI MSAIDIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kazi ya mchora ramani msaidizi mliyoitangaza tarehe 30 Juni 2025. Nimehitimu Stashahada ya Uhandisi Ujenzi katika Chuo cha Ufundi Arusha, Novemba 2024. Mafunzo kwa vitendo niliyafanya hapa Arusha, kwenye ofisi ya wahandisi washauri, na muda mwingi nilikaa meza ya michoro.

Tangazo lenu linasema mnataka mtu ambaye michoro yake "inajengeka". Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Ramani naichora nikimfikiria fundi aliyesimama saiti, karatasi imekunjwa mfukoni, mhandisi hayupo, na zege linachanganywa. Akilazimika kupiga simu kuuliza kipimo ambacho kilipaswa kuwa kwenye karatasi, mchoro wangu haujakamilika, hata ukiwa mzuri namna gani.

Nimeambatisha jalada la michoro yangu: karatasi 14 za A3 katika faili moja la PDF, pamoja na faili za DWG za baadhi ya karatasi hizo. Faili za DWG nimeziweka kwa makusudi. PDF inaonyesha mchoro ulivyochapwa, lakini anayetaka kumjua mchoraji hufungua faili lenyewe. Bofyeni kipimo chochote humo: hakuna hata kimoja ambacho tarakimu yake imeandikwa kwa mkono kufunika kipimo halisi. Kuta zimefungana kwenye pembe, na hakuna mistari miwili iliyolaliana.

Karatasi 6 za mwanzo ni seti kamili ya nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa masta, iliyoandaliwa kwa ajili ya maombi ya kibali cha ujenzi: ramani ya kiwanja kwa skeli ya 1:200, ramani ya sakafu, msingi, paa, sura za nyumba na mikato. Naomba mwangalie zaidi karatasi ya 4, yenye mkato unaopita sebuleni na jikoni. Kando ya vipimo vya kimo nimeandika pia idadi ya kozi. Bloku niliyoichorea ina kimo cha milimita 230, na pamoja na udongo wa kuungia kila kozi inachukua milimita 240. Hivyo kozi 4 kutoka juu ya jamvi zinafika milimita 960, ndipo dirisha linapoanza, na kozi 9 zinafika 2160, ndipo renta inapokaa. Fundi mwashi hahesabu milimita, anahesabu kozi. Ukimpa dirisha linaloanzia 900 atakata bloku mstari mzima kuzunguka nyumba, au atalipandisha mwenyewe bila kumwambia mtu, na mara nyingi hufanya hilo la pili.

Kwenye ramani ya kiwanja ya seti hiyo hiyo, bomba la maji taka limechorwa na kimo chake katika kila chemba. Kutoka chemba ya mwisho hadi kwenye karo ni mita 12, na kwa mteremko wa 1:40 bomba linashuka milimita 300. Ramani nyingi za nyumba za kawaida huonyesha karo kama kisanduku tu pembeni ya kiwanja, halafu kina chake kinaamuliwa na mchimbaji.

Karatasi ya 7 hadi ya 10 ni michoro ya nondo za jengo la ghorofa moja, niliyoichora nikiwa mafunzoni. Ofisi husika iliniruhusu kuitumia baada ya kuondoa jina la mteja na mahali pa mradi. Hesabu za uimara ni za mhandisi. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza kuwa mchoro na jedwali la kukata na kukunja nondo kwa kufuata BS 8666. Nitaeleza nguzo moja tu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha namna ninavyofanya kazi. Ni nguzo ya milimita 300 kwa 300, nondo 4 za Y16, ringi za Y8 kila milimita 175, na unene wa zege wa kufunika nondo ni milimita 30. Ringi kwa hiyo ina upande wa milimita 240 kwa nje. Ni umbo namba 51, na urefu wake unapatikana hivi:

```
L = 2(A + B + C) - 2.5r - 5d
L = 2(240 + 240 + 115) - 2.5(16) - 5(8) = 1110
```

Kiwango kinataka urefu upandishwe hadi kigawe cha 25 kinachofuata, hivyo kwenye jedwali imeandikwa 1125. Nondo ya mita 12 inatoa ringi 10 na kubakiza kipande cha milimita 750. Kipande hicho nacho nimekiandika kwenye safu ya maelezo, kwa sababu mkadiriaji majenzi atakihitaji, na mnunuzi wa nondo atakihitaji zaidi. Mhandisi alipokuwa anakagua alinitaka nieleze kwa nini ringi zisiwe kila milimita 200 ili ziende sawa na za boriti. Nilimwonyesha kifungu cha BS 8110 kinachotaka nafasi isizidi mara 12 ya kipenyo cha nondo ndogo kuliko zote kati ya zinazobeba mgandamizo, yaani milimita 192 kwa Y16. Nadhani alilijua jibu kabla ya kuuliza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ipo karatasi ya 11 na ya 12, japo kwa macho haina mvuto. Ni darasa la zamani la shule ya msingi ya kijijini kwetu, lililopimwa kwa ajili ya kubadilishiwa paa. Kila mtu alijua kwamba darasa ni mita 9 kwa 6. Tulipima kuta, kisha tukapima kutoka pembe hadi pembe: upande mmoja milimita 10,790, upande mwingine 10,860. Darasa si mstatili. Kuta zote mbili za kichwani zimekwenda mshazari upande mmoja, kila mmoja kwa kama milimita 40 katika upana wa mita 6. Ningeweza kuchora mstatili safi na hakuna ambaye angenilaumu, lakini kenchi zingekuja zimetengenezwa kwa mstatili ambao haupo, na ukingo wa bati ungeonekana umepinda tangu barabarani. Nimechora kuta zilivyo, nikaweka vipimo vyote viwili vya pembe hadi pembe kwenye karatasi, na kila kenchi nikaipa namba na sehemu yake ya kukaa.

Karatasi mbili zilizobaki ni kalavati la zege na mkato wa urefu wa barabara ya changarawe, kazi za darasani. Zipo ili mjue kwamba nimezigusa. Kwenye Civil 3D natoka na mchoro sahihi, ila kasi yangu bado ni ndogo. Revit naijua kwa kiwango cha kufungua modeli, kutoa karatasi na kurekebisha vipimo. AutoCAD ndiyo ninayoitumia kila siku, na huko sihitaji kusimamiwa.

Kuhusu utaratibu wa faili: nachora kwa milimita, kwa ukubwa halisi, na skeli naiweka kwenye Layout. Leya zinaitwa kwa mpangilio mmoja, mfano A-WALL, A-DOOR, S-COLS, na unene wa mistari unatawaliwa na faili moja la CTB, ili karatasi ya kwanza na ya mwisho zifanane zikichapwa. Ramani ya sakafu naiingiza kwenye michoro ya nondo na ya mabomba kwa XREF badala ya kuinakili. Mbunifu majengo akisogeza ukuta, unasogea kote. Kabla ya kutuma napitisha AUDIT na PURGE, halafu nafunga kifurushi kwa ETRANSMIT ili anayepokea asikute rejea zilizokatika. Ofisi yenu bila shaka ina utaratibu wake, nami nitaufuata huo na kuuacha wangu.

Tangazo linataka uzoefu wa mwaka mmoja. Sina mwaka mmoja wa ajira, nina mafunzo kwa vitendo na kazi ndogo ndogo ambazo mafundi wa hapa Sakina wameniletea tangu nimalize chuo. Ninachoweza kuahidi ni namna ninavyopokea masahihisho. Karatasi yenye kalamu nyekundu naipitia yote kwanza bila kugusa kompyuta. Kila alama niliyoitekeleza naipaka njano juu yake. Alama mbili zinapopingana, kwa mfano mlango umesogezwa kwenye ramani ya sakafu lakini haukuguswa kwenye jedwali la milango, siamui mwenyewe. Naiandika kwenye orodha ya maswali na kuipeleka kwa mhandisi yote kwa mara moja, badala ya kumkatiza kila baada ya dakika tano. Toleo jipya linapata herufi yake kwenye kisanduku cha jina, tarehe, na maelezo ya kilichobadilika. Neno "marekebisho" peke yake halimsaidii mtu.

Najua pia mipaka ya kiti ninachokiomba. Anayesaini ni mhandisi aliyesajiliwa na jina lake ndilo litakaloulizwa, hivyo hakuna nondo nitakayoihamisha au ukuta nitakaoupunguza kwa kuwa tu karatasi imenibana.

Niko tayari kuhamia Dodoma, nina ndugu Chang'ombe atakayenipokea hadi nipate chumba. Naweza kuanza kazi tarehe 1 Agosti 2025. Mkinipa nafasi ya usaili, ningeomba pia jaribio la kuchora: nipeni karatasi moja ya zamani yenye masahihisho ya kalamu, kompyuta, na saa chache za asubuhi. Mtaniona vizuri zaidi hapo kuliko kwenye barua hii.

Nimeambatisha wasifu wangu wenye namba ya simu, barua pepe na majina ya wadhamini wawili, nakala za vyeti, na jalada la michoro. Faili za DWG zimehifadhiwa katika toleo la 2018, hivyo zitafunguka kwenye AutoCAD ya 2018 na ya matoleo ya baadaye.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Neema L. Mollel