Saa 10 za kwenye boksi: betri na joto la laptopu yangu tangu Julai

Muuzaji aliniambia, "Hii kaka, unachaji asubuhi, unasahau mpaka usiku." Kwenye boksi kulikuwa na madai matatu: betri hadi saa 10, nusu ya chaji kwa dakika 30, na mfumo wa kupoza "usio na kelele". Niliinunua Julai kwa shilingi 1,350,000, na tangu hapo imepita msimu mzima wa korosho nami, kati ya ofisi ya chama cha msingi, maghala na nyumbani Shangani, Mtwara mjini. Mimi ni karani, si fundi. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa nimepima mashine moja tu. Ni ya inchi 14, prosesa ya wati 15, RAM ya 8 GB, SSD ya 256 GB, betri ya Wh 50, bodi ya alumini, na matundu ya kuvutia hewa yako chini.

Hiyo Wh 50, yaani uwezo wa kutoa wati 50 kwa saa moja, ndiyo namba ya kuanza nayo. Ukitaka betri ya Wh 50 ikae saa 10, mashine nzima, skrini ikiwemo, isile zaidi ya wati 5 kwa wastani. Kwa hiyo swali langu halikuwa kama kampuni inasema uongo. Nilitaka kujua ni kazi gani inayokula wati 5, na yangu inakula ngapi.

Kupima muda sikutegemea ile makadirio ya Windows ya "muda uliobaki", maana inabadilika kila ukifungua faili. Niliweka PowerShell iandike asilimia ya betri kila dakika:

```
while ($true) {
  $b = Get-CimInstance Win32_Battery
  "$(Get-Date -Format 'yyyy-MM-dd HH:mm'),$($b.EstimatedChargeRemaining)" | Add-Content betri.csv
  Start-Sleep -Seconds 60
}
```

Kila jaribio lilianza 100% na kuishia 5%, nguvu ikiwa kwenye hali ya kawaida. Nililirudia kwa siku tofauti nikachukua jibu la katikati.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuipendelea mashine: filamu ya 1080p iliyokwisha kupakuliwa, ikijirudia ndani ya VLC, intaneti imezimwa, mwanga wa skrini 30%, usiku. Ilikaa saa 9 na dakika 10. Nikigawa, ni kama wati 5.2. Kumbe saa 10 si hadithi, ila ni za mtu anayetazama filamu gizani bila mtandao. Kampuni ingeandika hivyo kwenye boksi, nisingekuwa na neno.

Kazi yangu ni nyingine: Excel yenye orodha ya wakulima na kilo zao, brauza yenye kurasa tatu, hotspoti ya simu, mwanga 70%. Hapo Julai nilipata saa 6 na dakika 20, yaani wati 7.5. Jaribio hili halina usafi wa lile la filamu, kwa kuwa siku hazifanani. Tofauti kati ya siku nzuri na mbaya ilikuwa kama nusu saa. Mkutano wa video ndio mlafi: saa 3 na dakika 50. Na nje ya ghala, mchana, mwanga lazima uwe 100% ndipo usome namba, basi kazi ileile ilimaliza chaji kwa saa 4 na dakika 55. Hii ndiyo namba ninayompa mtu wa ushirika anayeniuliza. Siku ya kupokea mzigo inaanza asubuhi mapema na haiishi saa saba mchana. Bila umeme pale ghalani, mashine hii haikufikishi jioni.

Sasa uchakavu. Windows yenyewe inaweka kumbukumbu. Amri ni hii:

```
powercfg /batteryreport /output C:\betri.html
```

Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika hiyo, kisha fungua faili kwa brauza. Tazama mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni ujazo wa kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo wa leo. Yangu iliondoka dukani na 50,120 mWh, yaani kama Wh 50. Mwisho wa Novemba ilikuwa 46,900. Februari hii ni 45,900, yaani imebaki chini kidogo ya 92%. Kazi iliyokuwa ikichukua saa 6 na dakika 20 sasa inachukua saa 5 na dakika 35. Kwa hesabu ya ujazo peke yake ingekuwa saa 5 na dakika 48, kwa hiyo kuna kitu kingine kinachokula. Namtuhumu feni. Julai ilikuwa inalala, msimu wa joto haikupumzika.

Utaona anguko kubwa lilikuwa Julai hadi Novemba, kisha likapungua. Desemba niliwasha ile sehemu ya kuzuia chaji isipite 80% siku ninazoshinda ofisini kwenye umeme. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikikaa imejaa huku ina joto, na yangu ilikuwa inashinda 100% kwenye chumba chenye nyuzi 32. Napenda kuamini 80% ndiyo iliyosaidia. Lakini sina mashine ya pili ya kulinganisha, na betri nyingi hushuka zaidi miezi ya mwanzo kisha hutulia. Chukua hilo kama dalili.

Kwenye joto ndipo nilipotumia muda mwingi, kwa sababu uchambuzi karibu wote unaouona mtandaoni umefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Huku kwetu pwani, Desemba kabla mvua haijashika, saa nane mchana chumba changu kina 32 na dirisha wazi.

Vifaa vilikuwa viwili. Ndani ya mashine, programu ya HWiNFO64, inayosoma kihisi cha prosesa na kuandika kumbukumbu. Nje, bunduki ya kupimia joto kwa mbali, ile wanayotumia mafundi wa friji. Zile za kupimia homa paji la uso hazifai, zimetengenezwa kwa joto la mwili na nyingi hugoma kusoma kinachozidi 43. Jambo jingine: alumini inayong'aa huidanganya bunduki, inasoma chini ya ukweli. Nilibandika vipande vya seloteipu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, sehemu nne: juu ya kibodi, pa kupumzishia kiganja, katikati ya tumbo, na kando ya tundu la kutolea hewa. Nikawa napima juu ya seloteipu tu, ili vipimo vya Julai na Desemba vifanane.

Mzigo ulikuwa Cinebench R23, programu inayoipa prosesa kazi nzito na kuitolea alama za kasi, ile ya dakika 10 mfululizo, chaja ikiwa imechomekwa. Mashine juu ya meza ya mbao, kitu kingine chochote kimefungwa.

Julai usiku, chumba nyuzi 25: prosesa ilifika 86, tumbo 42, alama 7,900. Desemba mchana, chumba 32: prosesa ilipanda hadi 96, ikagusa kikomo chake, ikaanza kujipunguzia kasi. Tumbo 49, alama 6,900. Mashine ileile, programu ileile, na karibu 13% ya nguvu imeyeyuka kwa sababu ya hali ya hewa.

Toa joto la chumba uone: 86 kasoro 25 ni 61, 96 kasoro 32 ni 64. Tofauti haikubadilika sana. Feni haiwezi kuipoza mashine kuliko hewa inayovuta. Kwa hiyo ukisoma uchambuzi uliofanyiwa kwenye chumba cha nyuzi 22, ongeza 10 kwenye kila namba. Jumla ikivuka 95, jua kwamba huku mashine hiyo huenda ikapunguza kasi.

Kwa kazi ya kawaida ya Excel hali si mbaya: prosesa inazunguka 60 hadi 68, kiganja 36, vuguvugu tu. Ila mapajani siweki. Ngozi ikikaa saa nyingi kwenye nyuzi 44 na kuendelea inaweza kuungua bila mtu kushtuka, na tumbo la laptopu hii msimu wa joto linapita hapo kila mzigo unapozidi. Kitandani ni vibaya zaidi, shuka inaziba matundu; nilisitisha jaribio hilo dakika ya sita, prosesa ikiwa 97.

Nilijaribu pia tiba za bure. Kuinua nyuma ya mashine kwa vizibo viwili vya soda kulishusha tumbo nyuzi 4, na alama zikapanda hadi 7,300. Feni ya mezani ikipuliza pembeni ilishusha nyingine 2. Januari fundi aliifungua kusafisha: vumbi la ghalani limefunga mapezi ya kupozea, na skrubu mbili zimeanza kutu ya chumvi. Baada ya kusafishwa prosesa ilikaa chini kwa nyuzi 5 kwenye joto lilelile la chumba. Kwa anayekaa karibu na bahari na kufanya kazi kwenye vumbi, miezi sita ni mingi mno kusubiri.

Kelele? Julai hakuna. Desemba niliisikia feni nikiwa chumba cha pili.

Dai la kuchaji niliipima kwa saa ya ukutani, kuanzia 5%. Ikiwa imezimwa, dakika 30 zilitoa 48%. Nikiwa nafanya kazi, 37%. Umeme ukikatika na kurudi kwa nusu saa, hiyo ni habari njema.

Kuna moja isiyoandikwa kwenye boksi. Ukifunika tu, mashine hailali vizuri. `powercfg /a` ilionyesha S0 Low Power Idle, yaani inabaki nusu macho. Usiku mmoja ilikula kama 10%, na ndani ya begi iliwahi kutoka ina moto. Siku hizi naizima kwa `shutdown /h`. Asubuhi imepungua 1% au haijapungua kabisa, na kazi zangu ziko wazi kama nilivyoziacha.

Ningeinunua tena kwa bei hiyo, kwa ofisi yenye umeme. Kwa mtu wa ghalani ningetafuta yenye Wh 60 au zaidi, hata ikiwa nzito. Kabla ya kulipa muulize muuzaji kama betri inafungwa kwa skrubu. Yangu ni hivyo, fundi ameniambia kuibadilisha ni kazi ya dakika 20, ila betri yenyewe hapa mjini hakuna. Inaagizwa Dar, inakuja na basi, na alinitajia shilingi 180,000.